Mfupa wa paja umebaki nyuma, na tarehe hazilingani. Nimwonyeshe mume wangu karatasi hii?

*Mama mshauri,*

*Pokea salamu zangu kutoka Mamboleo, Kisumu. Nina miaka 27 na hii ni mimba yangu ya kwanza. Tarehe 9 Juni nilienda kupigwa skani ya miezi mitano. Daktari wa skani alipima, akanyamaza, kisha akasema tu, "Paja liko nyuma kidogo, utarudi." Akaita mwingine. Karatasi nimeisomea kwenye matatu na bado naisoma kila usiku.*

*Imeandikwa hivi: GA (LMP) 21w1d. BPD 47 mm, 20w1d. HC 185 mm, 20w6d. AC 158 mm, 21w0d. FL 31 mm, 19w4d. AFI 10.2 cm. Chini kabisa AUA 20w3d, na tarehe ya kujifungua 24 Oktoba. Kliniki walikuwa wameniandikia 19 Oktoba. Mtoto amekaa matako chini. Ubongo, moyo, figo na uti wa mgongo wameandika kwamba viko sawa.*

*Wifi yangu alisoma mtandaoni kwamba paja fupi ni hali ya Down au mtoto atakuwa mbilikimo. Mama mkwe naye anasema maji ni machache, ninywe lita tano kwa siku. Nakunywa mpaka natapika. Mimi mwenyewe ni mfupi, mume wangu ni mrefu.*

*Lakini kinachonikosesha usingizi zaidi ni kingine. Mume wangu anafanya kazi Nakuru. Hedhi yangu ya mwisho ilianza 12 Januari. Aliondoka 4 Januari, akarudi 30 Januari, akakaa mpaka 2 Februari. Simu yake ilimhesabia kwamba mimba ilishika 26 Januari. Ameniuliza tarehe mara mbili, kisha akanyamaza. Sijawahi kutoka nje ya ndoa. Hedhi yangu huja kila baada ya siku 33 hivi, lakini hilo hakuna aliyeniuliza. Nimeficha karatasi kabatini. Nifanye nini: niende kliniki nyingine wiki hii nipimwe upya, nimwonyeshe, au ninyamaze mpaka nijifungue?*

*Mama wa Kwanza, Kisumu*

---

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na zile namba zako mara nyingi zaidi, kwa sababu nimekaa miaka mingi kwenye kile chumba chenye giza nikiwapaka akina mama jeli baridi tumboni. Najua ule ukimya wa mpimaji unavyotisha. Mara nyingi huwa amenyamaza kwa sababu anahesabu, au mtoto anarusha mguu kila anapokaribia kuupima. Ila angekwambia hivyo, ungelala.

Tuanze na zile wiki zilizoandikwa mkabala wa kila kipimo, maana ndizo zilizowachanganya nyote. Mashine haijui umri wa mtoto wako. Inajua milimita tu. Mpimaji akishaweka alama mbili kwenye ncha za mfupa, mashine inachukua ile 31 iliyo mbele ya FL, yaani urefu wa paja, na kuuliza kwenye jedwali lililohifadhiwa ndani yake: mtoto wa wastani huwa na mfupa wa milimita 31 akiwa na wiki ngapi? Jedwali linajibu wiki 19 na siku 4. Kwa hiyo 19w4d haisemi kwamba miguu ya mtoto wako ina wiki 19 na kichwa kina wiki 20, kana kwamba ameundwa kwa vipande vilivyonunuliwa siku tofauti pale sokoni Kibuye. Mtu mzima akipimwa namna hiyo, mguu wake ungeweza kusoma miaka 14 na kichwa chake miaka 40.

Jedwali linalotumika katika mashine nyingi lilitungwa na daktari Frank Hadlock na wenzake huko Houston, Texas, miaka ya 1980. Lipo jingine lililotolewa mwaka 2014, la mradi wa INTERGROWTH-21st, ambalo lilipima pia akina mama wa Parklands, Nairobi. Mtoto yuleyule akisomwa kwa majedwali mawili anaweza kupata wiki tofauti kwa siku kadhaa. Lakini usikimbilie kusema basi jedwali la Wazungu ndilo limemfanya mtoto wetu aonekane mfupi. Wachunguzi waliolinganisha wameona kwamba mapaja ya watoto wenye asili ya Afrika huelekea kuwa marefu kidogo kuliko ya Wazungu, si mafupi. Faraja tuitafute mahali pengine.

Tutaipata kwenye mfupa wenyewe na jinsi unavyopimwa. Mfupa wa paja kwenye skani huonekana kama kijiti cheupe ndani ya nyama ya kijivu. Ili upimwe sawasawa, unatakiwa ulale kwa upana mbele ya kipimio, ncha zote mbili zikionekana wazi. Chukua fimbo uishike mbele ya macho yako: ukiilaza kwa upana unaona urefu wake wote, ukiielekeza usoni kwako inafupika. Ndivyo mfupa unavyofupika mtoto akiwa ameuinamisha, na mtoto aliyekaa matako chini mara nyingi huwa amekunja miguu kiasi cha kumtaabisha mpimaji. Mimi nilikuwa napima mara tatu, nikiacha picha ambayo ncha moja imefifia. Kwenye foleni ndefu, si kila mtu atapima mara tatu.

Sasa angalia uzito wa milimita moja. Katika umri huu paja hukua chini kidogo ya milimita 3 kwa wiki. Maana yake kosa la milimita 1 ni sawa na siku mbili au tatu, na kosa la milimita 2 ni karibu siku tano. Milimita 2 ni unene wa sarafu. Hata mfupa ukipimwa vizuri kabisa, watoto wazima wa umri mmoja hutofautiana, na tofauti ya wiki moja na nusu kutoka wastani, hata karibu na mbili, bado ni ya kawaida. Yako ni siku 11 ukihesabu kwa 21w1d, ule umri unaohesabiwa tangu hedhi ya mwisho. Sitakuficha: iko upande wa ukingo wa chini, na yule daktari hakukosea kusema urudi. Alichokosea ni kukuachia sentensi moja uende nayo nyumbani.

Hapo ndipo zile siku zako 33 zinapoingia, na ningependa ungezitaja kliniki siku ya kwanza. Hesabu ya 21w1d, ile ya simu ya mume wako na ile tarehe ya 19 Oktoba zote zinadhani mwanamke huachilia yai siku ya 14. Hiyo ni kweli kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi *inayofuata*, si baada ya iliyopita. Kwa mzunguko wa siku 33, yai lingetoka karibu siku ya 19, yaani siku tano baadaye. Ukitoa siku tano kwenye 21w1d unapata 20w3d, na 20w3d ndiyo mashine iliyoandika ilipochukua wastani wa vipimo vyote vinne. Mtoto wa wiki 20 na siku 3 ana paja la wastani la milimita 33 hivi. Wako ana 31. Pengo lililokuwa milimita 4 limebaki 2.

Nisikupeleke mbali zaidi ya hapo, kwa sababu wastani huo wa mashine una hilohilo paja ndani yake, na skani ya wakati huu inaweza kukosea umri kwa siku 10 kila upande. Ndiyo sababu wakunga hawabadilishi tarehe ya kujifungua kati ya wiki ya 16 na ya 21 mpaka tofauti ipite siku 10. Yako ni tano. Wakiiacha 19 Oktoba kwenye kijitabu chako, hawajakosea. Wakiandika pembeni "mzunguko siku 33", watakuwa wamekusaidia mwishoni, pale watu wataanza kuuliza kama umepitisha siku na kama uanzishiwe uchungu. Skani ya mapema, kabla ya wiki ya 14, ingemaliza ubishi huu, maana wakati huo watoto wote hulingana karibu sana. Hukuipata, na hilo limeshapita.

Kichwa nitakipitia haraka kwa sababu kiko sawa. BPD ni upana, kutoka sikio upande huu kuelekea upande wa pili; HC ni mzingo, kama kamba iliyozungushwa kichwani. Mtoto anayekaa matako chini mara nyingi kichwa chake hurefuka kidogo kwenda nyuma, kama embe dodo. Upana unapungua, mzingo unabaki uleule. Ndiyo maana upana wako umesoma 20w1d na mzingo 20w6d. Hivi viwili vikipingana namna hii, mimi huuamini mzingo. Na mzingo wa milimita 185 hauko nyuma kwa hesabu yoyote kati ya hizo mbili.

Maji nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu unajiumiza. AFI ndicho kipimo cha maji yanayomzunguka mtoto, na hupatikana hivi: mpimaji anagawanya tumbo lako sehemu nne kwa kupitia kitovuni, kila sehemu anatafuta shimo la maji lililo refu kwenda chini ambalo halina kitovu wala mguu wa mtoto, anapima, kisha anajumlisha. Jumla kati ya sentimita 5 na 24 hivi huhesabiwa kuwa ya kawaida. Wastani wa wiki 21 ni kama 14, na pengine wifi yako akiona 14 atasema umepungukiwa 4. Wastani si kiwango cha chini. Nusu ya akina mama wako chini ya wastani, la sivyo usingekuwa wastani. Isitoshe, katika mimba changa hivi wapimaji wengi hupendelea kutazama shimo moja tu lililo refu kuliko yote, na wanataka liwe kati ya sentimita 2 na 8. Uliza waliona ngapi. Mtu mwenye jumla ya 10.2 hawezi kuwa na shimo kubwa lililo chini ya 2.5, hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe.

Halafu maji hayo yanatoka wapi? Mama mkwe wako anadhani yanatoka kwenye jagi. Kufikia umri huu sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe: anayameza, figo zinachuja, anayatoa tena. Maji ya kutosha pamoja na figo mbili zilizoonekana ni ushahidi kwamba figo zinafanya kazi, na hiyo ni habari njema kuliko namba nyingi kwenye karatasi yako. Ukipungukiwa na maji mwilini yanaweza kushuka kidogo, kwa hiyo katika joto hili la Kisumu kunywa unaposikia kiu na uzidishe kidogo, lita mbili hadi tatu zatosha. Lita tano mpaka kutapika zinakuondolea chumvi mwilini bila kumwongezea mtoto chochote anachohitaji. Unaweza kumwambia mama mkwe kwa heshima kwamba mkunga amekuwekea kipimo. Mimi nilikuwa mkunga, kwa hiyo hutakuwa umesema uongo.

Turudi kwenye paja, kwenye lile neno la wifi yako. Paja fupi liliingizwa zamani kwenye orodha ya ishara ndogondogo za hali ya Down. Likiwa peke yake, bila ngozi nene nyuma ya shingo, bila kasoro ya moyo, bila kitu kingine, ni ishara dhaifu mno. Haisogezi hesabu kwa kiasi cha kutajwa. Kwa umri wako wa miaka 27 uwezekano ni kama mtoto 1 kati ya 1,000, na mimi sioni kitu kwenye karatasi hii kinachoubadilisha. Kipo kipimo cha damu ya mama, kipo na cha kuchota maji ya uzazi kwa sindano, ambacho hubeba hatari ndogo ya kuharibu mimba. Ukitaka kujua kwa hakika ni haki yako kuuliza. Ningekuomba tu kabla ya kuuliza ujue utafanya nini na jibu.

Na umbilikimo? Magonjwa makubwa ya mifupa yanayoonekana mapema hivi hayajifichi kwa milimita 2 au 4. Paja huwa fupi kwa kiasi cha kushtua, au limepinda, au limevunjika, kifua ni chembamba kama shingo ya chupa. Mpimaji mwenye shaka ana mbinu rahisi ninayoipenda kuliko zote: anapima unyayo. Katika miezi hii unyayo wa mtoto, kutoka kisigino hadi ncha ya kidole, hulingana karibu sawa na mfupa wa paja. Mtoto mdogo wa familia ya watu wafupi ana paja fupi na unyayo mfupi, vinaenda pamoja. Mtoto mwenye ugonjwa wa mifupa ana paja fupi na unyayo wa kawaida. Ukigawanya paja kwa unyayo ukapata karibu na 1, shaka inapungua sana. Ikishuka chini ya 0.9 hivi, ndipo daktari wa akina mama anaanza kuangalia kila mfupa. Kwenye karatasi yako unyayo haupo. Paja la pili pia halipo, wala mfupa wa mkono. Hivyo vitatu ndivyo ningevitaka.

Umesema wewe ni mfupi. Umesema kwa kupita tu, kama mtu anayeomba radhi. Mtoto huyu ana haki ya miguu ya kwenu pia.

Kuna jambo moja ambalo wifi yako hakulisoma. Mara chache, paja linalobaki nyuma huwa dalili ya kwanza ya kondo linalolisha mtoto kwa shida, na tumbo la mtoto hufuata baadaye. Tumbo la mtoto wako, ile AC, limesoma 21w0d, limeshiba. Lakini ndiyo sababu napenda urudi hata kama skani ijayo itakuwa nzuri, upimwe tena ukikaribia wiki ya 28 na ya 32, na presha ipimwe kila kliniki.

Kwenda kliniki nyingine wiki hii. Nielewe vizuri: kama ni kwenda kwa mtu mwenye mkono wa siku nyingi, kwa mfano pale hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ili atazame unyayo, paja la pili na mkono, nenda, utapata kitu. Kama ni kwenda kuona paja limekua kiasi gani, utapoteza pesa. Kwa wiki moja mfupa unaongezeka chini ya milimita 3, na mkono wa mpimaji unaweza kukosea 2. Ukikuta 32 utalia, ukikuta 35 utashangilia, na vyote viwili vinaweza kuwa mfupa uleule. Mashine tofauti yenye jedwali tofauti itakuongezea tarehe ya tatu ya kujifungua. Nimeona mama aliyefika kwangu na karatasi nne za mwezi mmoja, kila moja na siku yake, akaniuliza nichague.

Wiki nne ndizo zinazosema kweli. Kuanzia 9 Juni, hiyo ni 7 Julai. Kwa muda huo paja linatakiwa kuongezeka milimita 10 au 11. Likisoma 41 au 42, mtoto wako anapanda kwenye mstari wake mwenyewe, ulio chini kidogo ya wa katikati, na wengi hubaki hapo mpaka siku ya kuzaliwa. Likisoma 37 au chini ya hapo, mstari unaanguka, na hapo ombi langu ni uandikiwe rufaa kwa daktari bingwa bila kungoja. Ikiwa kati, watakupima tena. Lakini ikiwezekana nenda kwenye mashine ileile, kwa mpimaji yuleyule, hata kama hana maneno matamu.

Sasa mume wako. Uliniandikia kwamba aliuliza tarehe mara mbili akanyamaza. Umeujaza ukimya ule na mashtaka, na huenda ndivyo ulivyo, wewe ndiye unayemjua. Lakini nimeshaona pia wanaume walionyamaza kwa sababu wanaogopa namba kama wewe, na walio mbali huogopa mara mbili. Je, alisema neno la shaka, au alikuuliza tu? Sina jibu. Ninachojua ni kile karatasi inachoweza na isichoweza.

Haiwezi kutaja usiku. Hakuna skani ya miezi mitano inayoweza kutofautisha 26 Januari na 31 Januari. Yote mawili yako ndani ya kosa lake. Kwa hiyo akiitumia kukushtaki atakuwa anapima kwa kamba inayovutika, na wewe ukiitumia kujitetea utakuwa unashika ncha ya pili ya kamba hiyohiyo. Kilicho upande wako zaidi ni mzunguko wa siku 33: simu yake ilihesabu kwa siku 28 kwa sababu hakuna aliyeiambia vingine. Kama una tarehe za hedhi za miezi iliyotangulia, kwenye simu au kwenye kalenda ya ukutani, mwambie aweke yeye mwenyewe zile siku 33. Itamletea 31 Januari, na usiku huo alikuwa nyumbani.

Kumwonyesha kuna hatari yake. Juu kabisa atakutana na 21w1d, na kama yuko peke yake Nakuru na ile picha kwenye WhatsApp, ndiyo atakayokwama nayo. Usimtumie picha kwa simu. Kuficha nako kuna hatari: siku akiikuta kabatini, atauliza kwa nini ilifichwa, na hilo swali halitakuwa tena la milimita. Njia ya tatu ni kumwita aje 7 Julai aingie nawe ndani. Huenda asipewe ruhusa kazini. Huenda pia mpimaji akawa na haraka kama mara ile. Wapo wanaomtafuta mkunga wao wa kliniki awaeleze wote wawili, kwa sababu mume humsikiliza mtu wa tatu kwa urahisi zaidi. Wewe unajua ni lipi kati ya haya linaweza kubebwa na nyumba yako mwezi huu, na kama unahofia atakudhuru, basi shauri lote linabadilika: usiwe naye peke yako unapomwambia, na uniandikie tena.

Ukiingia chumbani, pamoja naye au peke yako, sema mapema kabla ya jeli: "Mzunguko wangu ni siku 33. Naomba upime mapaja yote mawili, mkono na unyayo, na shimo la maji lililo refu uliandike." Ni sentensi mbili, zinamchukua dakika tano. Na kama kabla ya siku hiyo utalowa ghafla, maji yanayotiririka au kuloanisha pedi bila harufu ya mkojo, au ukavuja damu, usihesabu siku za Julai. Panda boda ya kwanza utakayoiona hapo Mamboleo uende hospitali.